Keateka Anaingia Kwako Bila Hodi: Umwambie Landilodi kwa Simu, kwa WhatsApp au kwa Barua?

Nilipokuwa nikiishi kwenye bedsita, ghorofa ya tatu huko Zimmerman, Nairobi, nilirudi Jumamosi moja kutoka sokoni nikakuta alama za gambuti kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi. Zilianzia mlangoni zikaenda hadi bafuni, kisha zikarudi. Kitasa kilikuwa kimefungwa vilevile nilivyokiacha. Keateka alikuwa na nakala ya ufunguo, na hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki tano. Nilipomuuliza alisema nyumba ya chini ilikuwa inavuja. Kisha akaongeza, palepale kwenye ngazi, majirani wawili wakisikia: "Kwani unaficha nini humo ndani?"

Usiku ule nilimpigia landilodi nikiwa bado nimejaa hasira. Aliniambia, "Sawa, nitaongea naye." Asubuhi yake keateka alinisimamisha getini: "Kumbe umenishtaki." Jumanne, siku ya mgao wa maji, nyumba yangu ilifunguliwa maji mwisho kabisa, tena kwa dakika chache. Malalamiko yangu yalikuwa ya haki, lakini njia niliyochagua na saa niliyochagua viliniumiza.

Wapangaji wengi wanajua wana haki ya kulalamika. Wanachokwama nacho ni namna ya kumfikia mwenye nyumba bila kuonekana wachochezi na bila kujitafutia adui getini. Njia zinazotumika sana ni nne: simu au kuonana ana kwa ana, ujumbe wa WhatsApp, barua yako mwenyewe, na barua ya wapangaji kwa pamoja. Nimezipima zote kwa mambo manne yaleyale.

Mambo ya kupimia

La kwanza ni siri. Katika ploti nyingi keateka ndiye anayefungua vali ya maji, anayeshika funguo za geti usiku, anayesoma mita na anayempelekea landilodi habari za nani amelipa na nani anachelewa. Kwa hiyo jiulize atajua lini kwamba umemsema, na atajua kwa maneno ya nani.

La pili ni heshima ya landilodi. Keateka ni mtu wake. Huenda alimwajiri mwenyewe, huenda ni wa kwao, na pengine ndiye macho yake kwenye jengo asilolitembelea zaidi ya mara moja kwa mwezi. Ukimlaumu keateka, landilodi husikia kwamba alichagua vibaya. Njia nzuri humwachia nafasi ya kurekebisha bila kukubali kwamba alikosea.

La tatu ni ushahidi: baada ya miezi miwili jambo likirudi, una nini cha kuonyesha? Na la nne ni muda, yaani itachukua siku ngapi kabla hujaona badiliko.

Njia yoyote utakayochagua, kuna kazi ya kufanya kwanza. Andika kila tukio kwenye daftari au simu yako siku lilipotokea: tarehe, saa, alichofanya, maneno aliyotamka kama alivyoyatamka, na nani alikuwepo. Kisha tenga kazi yake na kosa lake. Kusoma mita, kukumbusha kodi, kufunga geti saa tano na kumwuliza mgeni anaenda nyumba gani, hayo ameajiriwa kuyafanya, hata kama anayafanya kwa uso wa kukunja. Kufungua mlango wako ukiwa haupo, kutangaza deni lako kwenye korido au kumwuliza binti yako analala na nani, hayo hakutumwa na mtu. Ukichanganya mafungu haya mawili, landilodi atalijibu lile la kwanza na la pili litapotea.

Jikague pia kuhusu kodi. Mpangaji mwenye deni anapomlalamikia keateka, landilodi huwaza mara moja kwamba huyu ameudhika kwa kudaiwa. Kama unadaiwa, lipa kwanza au taja mwenyewe siku utakayomaliza, ndipo uingie kwenye malalamiko.

Simu au kuonana ana kwa ana

Kwa siri, njia hii ina sura mbili. Hakuna maandishi ya kumwonyesha keateka, lakini landilodi akikata simu yako mara nyingi humpigia yeye papo hapo, na hulieleza jambo kwa maneno yake mwenyewe. Uliyosema, "aliingia bila kuniarifu", yanaweza kufika getini yakiwa yamegeuka "anasema wewe ni mwizi." Ndiyo maana ombi la kwanza kwenye mazungumzo liwe hili: "Mama, naomba usinitaje kwanza. Ungesema tu kwamba ni utaratibu wa nyumba zote."

Kwa heshima, hakuna njia inayoishinda hii. Mzee aliyejenga ploti kwa jasho lake anathamini mpangaji anayemwendea, anayeanza kwa kumjulia hali na kuuliza watu wa nyumbani. Sauti yako inamwonyesha kwamba hujaja kupigana. Lakini heshima hiyo inategemea saa. Mimi nilipiga saa tatu usiku, akiwa anakula, na nikaanza na keateka kabla ya salamu kukamilika. Afadhali umtumie neno fupi: "Ningeomba dakika kumi zako kesho, kuna jambo la nyumba." Na akija mwenyewe kukagua ploti, usimvutie kando mbele ya keateka, kwa kuwa kila mtu atajua mlichozungumza.

Kwa ushahidi ndiyo njia dhaifu kuliko zote. "Nitaongea naye" haina tarehe. Dawa yake ni kutuma ujumbe mfupi jioni hiyohiyo: asante kwa kunisikiliza, nimeelewa kwamba utamwambia keateka abishe hodi na asubiri. Sentensi hiyo moja huyafanya mazungumzo yawe kitu kinachoweza kurejelewa.

Kwa muda, simu inaweza kumaliza jambo siku hiyohiyo. Inamfaa zaidi mtu mwenye uhusiano wa miaka na landilodi, au mwenye landilodi mzee asiyependa kusoma kwenye simu, au mwenye kosa la mdomo tu: matusi madogo, kelele, majibu ya dharau. Haimfai mtu ambaye anajijua hasira zake ziko karibu.

Ujumbe wa WhatsApp

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia ninayoona watu wakiitumia zaidi na kuiharibu zaidi.

Upande wa siri, ujumbe husafiri. Landilodi anaweza kuutuma kwa keateka kama ulivyo, kwa nia njema kabisa, ili aulize "hii ni nini?" Basi andika kila sentensi ukijua kwamba keateka atausoma. Hilo halina hasara, kwa sababu sentensi ambayo ungeona aibu akiisoma ndiyo hiyohiyo isiyostahili kuwemo. Usiutume kamwe kwenye grupu la ploti. Keateka yumo humo, majirani watachukua pande, na landilodi atakuwa ameaibishwa mbele ya watu wanaomlipa.

Upande wa heshima, unapata nafasi ya kuandika, kulala, na kusoma tena asubuhi. Hatari ni ujumbe wa sauti wa dakika nne uliorekodiwa ukitetemeka, au mafungu kumi na mawili ya sentensi nusunusu. Andika kipande kimoja. Baada ya ile simu yangu mbaya nilingoja hadi Alhamisi, nikaandika hivi:

"Habari ya asubuhi Mama. Ni mimi wa nyumba namba 12. Natumai mko salama nyumbani. Naomba radhi kwa kukupigia usiku Jumamosi. Bomba la jikoni lililotengenezwa mwezi uliopita halijavuja tena, nashukuru. Jambo nililotaka kukueleza ni hili. Tarehe 14 Mei, 29 Mei na 15 Juni, keateka aliingia nyumbani kwangu kwa ufunguo wa akiba nikiwa sipo, na sikuwa nimearifiwa. Mara ya mwisho alinieleza kwamba nyumba ya chini ilikuwa inavuja. Naelewa maji yakivuja lazima yaangaliwe, na sikatai mtu kuingia kwa kazi ya nyumba. Ombi langu ni kwamba anipigie kabla, tupange saa nitakayokuwepo. Ikiwa ni dharura isiyongoja, aniarifu mara anapoingia. Pia naomba mambo ya nyumba yangu aniambie tukiwa wawili, si kwenye ngazi. Kodi ya Juni nililipa tarehe 3. Nitashukuru kupata neno lako."

Angalia kilichoachwa nje. Hakuna "ana tabia mbaya", hakuna "kila mara", hakuna "wapangaji wote wanamlalamikia." Maneno hayo matatu humpa landilodi kitu cha kubishania. Tarehe tatu hazimpi. Vilevile sikuandika lolote kuhusu elfu moja ambayo sikuiona tena kwenye droo. Sikuwa na uthibitisho, na kumwita mtu mwizi kwa maandishi bila uthibitisho kunakugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Kama kitu kimepotea, andika ulichokijua: nilikiacha mahali fulani, niliporudi sikukipata.

Jibu lilikuja jioni: "Sikujua anaingia. Aliniambia unamkatalia kuangalia maji." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amesikia upande wa keateka wiki nyingi kabla ya wangu. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na ni sababu ya kutaja maelezo ya keateka mwenyewe ndani ya ujumbe, kama nilivyotaja ile nyumba ya chini. Landilodi anaona kwamba humfichi upande wa pili.

Kwa ushahidi, tarehe na tiki mbili zinabaki kwenye simu. Piga skrinishoti uihifadhi kwingine, maana ujumbe unaweza kufutwa na simu huibwa. Kwa muda, mpe siku tatu au nne. Tiki za buluu zikiwa zimewaka na kimya kinaendelea, usiandike "naona umesoma." Kumbusha kwa upole baada ya wiki: "Mama, nilitaka kujua kama ulipata nafasi ya kuliangalia lile jambo." Njia hii inamfaa mpangaji ambaye landilodi wake yuko mbali na hujibu simu, na mwenye matukio mawili au matatu yenye tarehe. Haifai pale kodi inapolipwa kwa ejenti na landilodi humjui hata kwa sura.

Mwisho wa kisa changu ulikuwa ufunguo. Landilodi alipokuja tarehe 5, nakala iliwekwa kwenye bahasha, ikagandishwa, nami nikatia saini nusu juu ya mkunjo wa bahasha na nusu juu ya mwili wake. Bahasha ilibaki kwa keateka kwa ajili ya dharura. Akiingia, lazima aichane, na kila mtu ataona. Keateka hakunipenda zaidi kwa hilo, lakini hakuingia tena, na maji yakarudi kwenye zamu yake.

Barua yako mwenyewe

Barua ni nzito kuliko ujumbe, hata ikiwa na maneno yaleyale. Kwa siri inalindwa vizuri ukimpa mhusika mkononi au ukiituma kwa barua pepe. Usimpe keateka aifikishe. Naandika hili kwa sababu kwenye ploti nyingi yeye ndiye hupokea kila karatasi ya landilodi.

Kwa heshima inahitaji uangalifu. Mwenye nyumba mwenye ploti ya milango kumi anaweza kushtuka kuona "KUH: TABIA YA KEATEKA" na kudhani umeshamwona wakili. Kichwa kama "KUH: OMBI KUHUSU UTARATIBU WA KUINGIA NYUMBA NAMBA 12" kinasema jambo lilelile bila kumwelekezea mtu kidole. Kwa ejenti mambo ni kinyume: barua ndiyo lugha yake. Ana faili, ana muhuri, na ujumbe wa WhatsApp kwake hupotea kati ya mamia. Isitoshe, mara nyingi ejenti ndiye anayemsimamia keateka, kwa hiyo muandikie yeye kwanza. Ukiruka moja kwa moja kwa landilodi umemvunjia heshima mtu utakayemhitaji siku ya kurudishiwa dipoziti.

Kwa ushahidi barua haina mpinzani. Chapisha nakala mbili, apokee moja na aitie saini na tarehe ile inayobaki kwako.

Watu huuliza kama wataje sheria. Nchini Kenya, kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamwekea mwenye nyumba wajibu wa kumwacha mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake akae kwa utulivu, bila kusumbuliwa naye au na wanaotumia mamlaka yake. Kifungu hichohicho kinamruhusu yeye au mawakala wake kuingia kukagua kwa wakati unaofaa, bila kuingilia matumizi ya mpangaji isivyostahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, nayo inalinda faragha ya mtu na nyumba yake. Maoni yangu ni kwamba vifungu hivi uvijue lakini uviache nje ya barua ya kwanza. Ukivitaja mapema, landilodi anaacha kufikiria keateka na kuanza kukufikiria wewe. Viweke kwenye barua ya pili, ile ya kwanza ikipuuzwa. Wengine hukimbilia Baraza la Kodi za Nyumba kwa sababu wamesikia jina lake, lakini sheria yake inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo wapangaji wengi wa Nairobi wako nje ya mipaka hiyo.

Kwa muda barua ni ya polepole, tarajia wiki mbili. Inamfaa mpangaji wa ejenti au kampuni, mtu ambaye simu na ujumbe vimeshindwa, na yeyote anayeona jambo hili linaweza kuishia kwenye mvutano wa dipoziti.

Barua ya wapangaji pamoja

Siri yake inategemea waliotia saini. Hakuna anayeonekana peke yake, na keateka hawezi kuwafungia maji watu saba. Lakini karatasi inayozunguka mlango hadi mlango inatosha kufika kwa mmoja aliye rafiki yake, na atajua kabla ya landilodi. Ongeeni na watu ana kwa ana, watie saini jioni moja, na majina yafuate namba za nyumba ili asionekane kiongozi.

Kwa heshima ndiyo njia yenye hatari kubwa. Landilodi akiona saini nyingi huwaza mgomo wa kodi. Sentensi ya kwanza iseme wazi kwamba kodi itaendelea kulipwa kama kawaida na kwamba mnaomba kikao. Kila mmoja aeleze tukio lake mwenyewe kwa mstari mmoja wenye tarehe. Ukiandika la jirani nawe hukuliona, likikanushwa yote yanayumba. Msidai keateka afukuzwe. Huyo ni mtu mwenye familia na mshahara mdogo, na landilodi hupenda kukataa dai la kufukuza kuliko ombi la kurekebisha.

Ushahidi wake ni mzito, na muda wake hutegemea kuwakutanisha watu. Inafaa pale tabia ni ileile kwa nyumba nyingi, kama kutangaza madeni koridoni au kuwafungia geti watu wa zamu ya usiku. Haifai kwa jambo lako la faragha.

Uchague ipi kwa hali yako

Kama ni maneno ya dharau tu na hujawahi kumwambia keateka mwenyewe, anza naye, faraghani, kwa sentensi moja: "Kaka, ukiwa na neno nami niite kando." Wengi huishia hapo. Akiendelea, piga simu kwa landilodi.

Kama anaingia nyumbani kwako na landilodi hujibu ujumbe, andika WhatsApp yenye tarehe na ombi moja, na uulize kuhusu nakala ya ufunguo. Ukitaka kubadilisha kitasa, omba ruhusa kwanza na usome mkataba wako. Kubadilisha kimyakimya kunamfanya keateka aonekane aliyekosewa.

Kama unalipa kwa ejenti, andika barua na uidai saini ya kupokelewa. Kama ni ploti nzima inayoteseka, andikeni pamoja na mwombe kikao.

Kama unaogopa kwamba kulalamika kutakufukuzisha, jua kwamba kwa nyumba ya kupangwa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi inataka notisi isiyopungua kipindi hicho cha kodi. Hakuna wa kukutoa kesho kwa sababu ya ujumbe wa leo. Hata hivyo kama landilodi ni mtu wa hasira na ulikuwa unapanga kuhama, pengine miezi miwili ya kufunga bahasha na kuhifadhi skrinishoti itakufaa kuliko vita.

Na kama keateka amekugusa, amekutishia, amekuchungulia ukioga au amemfuata mtoto wako, ulinganisho huu wote uweke kando. Nenda kituo cha polisi na mtu unayemwamini, ripoti iandikwe, uondoke na nambari ya OB. Kisha mwandikie landilodi siku hiyohiyo ukitaja nambari hiyo, na usimwombe akuamulie kama ni kosa.